Mbegu kwa Mali Kauli: Namna ya Kualika Maduka ya Vijijini Kuuza kwa Niaba Yako, Njombe na Makambako

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako mwenye duka la jumla la pembejeo, mjini Njombe au Makambako, unayetaka mbegu zako zipatikane Ikuna, Mtwango, Uwemba, Lupembe na Ilembula bila mkulima kupanda gari kuja mjini. Maduka huko yapo tayari. Yanauza sukari, chumvi, sabuni, betri na vocha, na yanafunguliwa alfajiri. Kazi yako ni kuwashawishi wenye maduka hayo waweke na mbegu, kisha kuhakikisha wanaoiuza wanaiuza inavyotakiwa.

Njia hii si ngeni Tanzania. Kuanzia mwaka 2007 shirika la CNFA, kwa fedha za AGRA, liliendesha mpango wa kuwaimarisha wauzaji wa pembejeo vijijini. Liliwapa mafunzo ya biashara na kuwaunganisha na kampuni za mbegu na mbolea. Msimu wa 2008/2009 serikali ilipoanza ruzuku ya vocha, wauzaji wengi waliopitia mafunzo hayo ndio waliopokea vocha za wakulima. Wengi walijifunza somo gumu humo. Mzigo ulitoka dukani Novemba, vocha zikachelewa kulipwa, na mtaji ukakaa kwenye karatasi wakati maduka mengine yanaendelea kuzungusha fedha. Aliyekuwa na duka la sukari pembeni alivumilia, na aliyetegemea pembejeo peke yake alifunga. Agosti 2022, ruzuku ya mbolea iliporudi kwa mfumo wa kidijitali, malalamiko makubwa ya msimu wa kwanza yalikuwa kwamba mawakala ni wachache na wako mbali na vijiji. Kwa hiyo pengo unaloliona ni la kweli. Linajazwa pale tu hesabu ya mwenye duka inapokaa sawa, na hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapokwama.

Anza na mbegu peke yake

Kabla ya kumfuata mtu yeyote, amua unachompa auze. Ushauri wangu ni mbegu za mahindi na mbegu za mboga tu, angalau kwa msimu wa kwanza mzima. Sababu ni tatu, na kila moja ina uzito wake.

Viuatilifu havikai chumba kimoja na mkate. Mkulima wa viazi wa Uwemba anahitaji dawa ya ukungu mara kwa mara wakati wa mvua, na mwenye duka atakuomba umpelekee kwa sababu anajua itatoka haraka. Mkatalie. Biashara ya viuatilifu iko chini ya TPHPA. Inataka mtu aliyepata mafunzo yake, kibali, na mahali palipotengwa na vyakula. Pakiti ya mankozebu iliyopasuka juu ya rafu ya unga wa ngano inaweza kumuumiza mtoto, na ikitokea hivyo duka hilo ni la kwako pia, kwa sababu bango lako ndilo lililobandikwa mlangoni.

Mbolea nayo ina bei elekezi, ina leseni ya TFRA, na faida yake kwa mfuko ni ndogo ukilinganisha na uzito wake. Mfuko wa kilo 50 unasafirishwa kwa gharama, unakaa sakafuni na kunyonya unyevu. Halafu mwenye duka asiye na wateja wa mfuko mzima anaufungua na kuuza kwa kilo. Urea iliyofunguliwa kwenye baridi na ukungu wa Njombe huganda ndani ya siku chache. Zaidi ya hapo, mfuko ukishafunguliwa hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo.

Mbegu ni nyepesi, imefungwa, ina lebo, na pakiti 24 za kilo mbili mbili zinaingia kwenye maboksi mawili ya kufunga nyuma ya pikipiki. Hata hivyo na mbegu ina sheria yake. Muuzaji wa mbegu anatakiwa asajiliwe na TOSCI, na usajili wako wa mjini haulifuniki duka la mtu mwingine kijijini. Fanya kazi hiyo ya karatasi pamoja nao. Kusanya maombi yao na uyapeleke kwa pamoja kupitia ofisi ya kilimo ya halmashauri. Usiwaachie kila mmoja ahangaike peke yake, maana wengi hawatafanya, na wewe utakuwa umepeleka mzigo kwenye duka lisiloruhusiwa kuuza.

Hesabu anayoifanya mwenye duka kichwani

Ukifika dukani na kusema "utapata faida ya asilimia 12", mwenye duka ataitikia kwa adabu na hatakupigia simu. Si kwamba hakuelewa. Amepiga hesabu haraka kuliko wewe.

Tuchukue bei za mfano ili tuone anachokiona. Pakiti ya kilo mbili ya mahindi chotara wewe unaipata kwa shilingi 12,500. Unamuuzia kwa 13,400, naye anaiuza kwa 15,000. Faida yake ni 1,600 kwa pakiti, ambayo ni kama asilimia 12 ya alichonunulia. Pakiti ndogo za mboga, yaani kabichi, nyanya, vitunguu na chainizi, unampa kwa 1,500 na anaziuza 2,000. Mzigo wa kuanzia una pakiti 24 za mahindi na 50 za mboga. Mahindi ni shilingi 321,600, mboga ni 75,000, jumla 396,600. Vyote vikiuzika, atakuwa amepata 38,400 kwenye mahindi na 25,000 kwenye mboga, jumla 63,400.

Inaonekana si mbaya mpaka uiweke mezani na sukari. Sukari inampa faida ndogo, tuseme asilimia 5, lakini kwa wiki moja imeisha na fedha imerudi. Shilingi 396,600 zikizunguka kwenye sukari kwa wiki sita zinampa karibu 119,000. Zikikaa kwenye mbegu wiki hizo hizo sita zinampa 63,400, tena kwa bahati ya kuuza kila pakiti. Hakuna mwenye duka mwenye akili zake atakayetoa fedha taslimu kwenye sukari kuzipeleka kwenye mbegu kwa masharti hayo, hata umbembeleze vipi. Ukimwongezea faida kwa pakiti, bei ya mkulima inapanda na mkulima anarudi kupanda gari kuja mjini.

Suluhisho ni kupunguza fedha yake iliyolala. Mzigo ule ule, mwambie alipie pakiti 8 za mahindi, yaani shilingi 107,200, na zilizobaki umpe kwa mali kauli. Sasa shilingi 107,200 zake kwenye sukari zingemletea kama 32,000 kwa wiki sita, na kwenye mbegu zinamletea 63,400. Hapo mbegu inashinda sukari karibu mara mbili, wala hujagusa bei ya mkulima. Ukiielewa hesabu hii utaona kwamba kiwango cha faida kwa pakiti si jambo la kwanza. La kwanza ni fedha ya nani inakaa kwenye rafu, na kwa muda gani.

Ila fedha hiyo sasa ni yako. Kwa duka moja umeacha shilingi 289,400 kwa neno la mtu. Wewe kwenye mzigo huo unapata 900 kwa kila pakiti ya mahindi, ambazo ni 21,600. Ukipata 300 kwa kila pakiti ya mboga, unaongeza 15,000, jumla 36,600 kabla ya nauli. Maana yake duka moja likizama na mali kauli yako linameza faida ya mzigo wa kwanza wa maduka karibu manane. Andika namba hiyo mahali utakapoiona kila siku. Ndiyo itakayokuambia kwa nini uchague watu polepole, kwa nini uanze na maduka sita au manane badala ya thelathini, na kwa nini hupaswi kuongeza mali kauli kabla ya ile ya kwanza kulipwa.

Wa kuwaalika, na wakati wa kuwaalika

Wengi huanza Oktoba, kila mtu akiwa na haraka. Anza Juni. Mabondeni kwa wakati huo watu wanalima vinyungu, na mbegu za mboga zinahitajika kila wiki kwa kiasi kidogo. Mpe mwenye duka pakiti 30 za mboga. Thamani yake ni 45,000 tu, na hata akipotea nazo hujafilisika. Muda wa kuanzia Juni hadi Septemba utakuonyesha mambo ambayo barua ya mtendaji wa kijiji haiwezi kukuonyesha: kama anapokea simu yako siku ambayo anadaiwa, kama anaweka pakiti juani dirishani, na kama fedha yako anaitenga au anaichanganya na ada ya mtoto. Walionyooka kwenye vinyungu ndio unaowapa mahindi.

Tafuta duka lenye daftari. Ukiingia, omba kuona anavyoandika wateja wa mkopo. Daftari la madeni lenye majina, tarehe na mistari iliyofutwa baada ya kulipwa ni dalili nzuri kuliko duka lililojaa bidhaa. Mwenye duka ambaye pia ni wakala wa fedha kwa simu ana faida ya ziada, kwa sababu ameshazoea kwamba si kila shilingi iliyoko kwenye droo ni ya kwake. Atakulipa pia bila mtu kusafiri. Epuka maduka mawili yanayotazamana. Usiache pia eneo lenye watu wengi mikononi mwa duka moja kwa ahadi ya milele, mpe eneo kwa msimu mmoja na mwandikie hivyo.

Mwaliko wenyewe uwe wa mdomo kwanza, halafu wa karatasi. Nenda mwenyewe. Msalimie kwa kamwene kama ni mtu wa huko, nunua kitu, subiri wateja wapungue. Siku moja Ikuna, mama mmoja mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho huku anapima chumvi, kisha akauliza swali moja tu: "Sawa mwanangu, na isipouzika?" Swali hilo utaulizwa kila mahali, na jibu lako ndilo mwaliko wenyewe. Lisiwe "itauzika, mama". Liwe tarehe: "Zitakazobaki zikiwa hazijafunguliwa, nazichukua mwenyewe ifikapo tarehe 10 Januari, na zile ulizolipia narudisha fedha." Ukishalisema hilo, huna budi kulitimiza hata kama Januari ni ya mvua na barabara ya Lupembe ni tope.

Karatasi unayomwachia isizidi ukurasa mmoja. Inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu mwenye duka, tunakukaribisha kuuza mbegu zetu msimu huu. Utaanza na pakiti 24 za mahindi na 50 za mboga. Utalipia pakiti 8 za mahindi siku ya kupokea, nyingine ni mali kauli. Bei ya kuuzia mteja imeandikwa kwenye orodha na haipandishwi. Kila Jumatatu tutakupigia kuhesabu zilizobaki, na zilizouzwa utalipia siku hiyo hiyo kwa simu. Zitakazobaki tutazichukua tarehe 10 Januari. Mafunzo ni siku moja, Makambako, nauli na chakula ni juu yetu. Ukiona haikufai, turudishie mzigo ukiwa mzima, hakuna deni."

Mstari wa mwisho uache kama ulivyo. Mtu anayejua mlango wa kutokea uko wazi anaingia kwa moyo mweupe zaidi.

Mzigo wa kuanzia uchaguliwe kwa kijiji

Pakiti 24 si 24 za aina moja, na hapa ndipo mji unapokosea vijiji. Mkoa huu unapanda na kushuka sana. Uwemba na juu ya mji wa Njombe kuna baridi, mahindi yanakaa shambani miezi mingi, na watu wanataka aina za muda mrefu kama H614, iliyozalishwa Kitale kwa ajili ya nyanda za juu. Ukishuka Wanging'ombe kuelekea tambarare, mvua inakata mapema, na aina hiyo hiyo itakauka kabla ya kubeba. Huko mkulima anahitaji mbegu ya muda mfupi, mfano SC 403 ambayo wengi wanaiita Tumbili. Makambako na maeneo ya Mahongole na Lyamkena yako katikati, na UH6303 iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole ina wateja wake. Ukipakia boksi moja la mchanganyiko kwa maduka yote, duka la Ilembula litarudisha nusu yake, na mwenye duka ataamini mbegu haiuziki wakati aliyekosea ni wewe.

Uliza wanaopanda huko walipanda nini mwaka jana na kama wangerudia. Wape aina mbili, zisizidi tatu. Pakiti 16 za ile inayojulikana na 8 za ya pili zinatosha. Aina nyingi kwenye rafu ndogo zinamchanganya muuzaji, naye akichanganyikiwa anamuuzia mteja ile iliyo karibu na mkono.

Halafu usipeleke mzigo mkubwa mara moja. Peleka mdogo na uongeze mara kwa mara. Toka Makambako hadi mjini Njombe ni kama kilomita 60 za lami, na magari madogo yanapita siku nzima. Boksi linaweza kwenda na konda unayemfahamu hadi njia panda, bodaboda akalipokea hapo. Kilele ni wiki chache kuanzia mvua za kwanza za Novemba. Wakati huo duka lililoishiwa Ijumaa likisubiri hadi Jumatano limepoteza msimu, maana mkulima hasubiri udongo ukauke. Weka akiba mjini ya angalau theluthi ya mzigo wote kwa ajili ya wiki hizo. Simu ya Jumatatu ndiyo inayokuambia boksi linakwenda wapi: aliyebakiza 6 kati ya 24 anaongezewa, na aliyebakiza 20 huongezi kitu, unauliza sababu.

Siku ya mafunzo

Siku moja inatosha kama haina hotuba. Iwe mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, isiwe siku ya mnada. Aje mwenye duka pamoja na yule anayekaa dukani hasa, kwa sababu mara nyingi ni binti au kijana wa nyumbani ndiye anayeuza, na mafunzo aliyopata baba hayamfikii.

Asubuhi yote itumike kwenye swali moja la kumuuliza mteja: "Shamba lako liko wapi?" Si jina la kijiji, bali ni juu au bondeni, na mwaka jana mvua ilikata mwezi gani. Wafanye kwa vitendo, mmoja mteja na mwingine muuzaji, mpaka swali litoke kabla mteja hajataja aina. Kisha wafundishe ekari. Mahindi yanahitaji kilo 8 hadi 10 kwa ekari, yaani pakiti nne au tano. Muuzaji asiyejua hilo anamuuzia mtu wa ekari moja pakiti mbili. Mtu anapanda kwa kutawanya nafasi au anajazia na mahindi ya ghalani, na mavuno yakiwa mabaya lawama zinakuja kwenye mbegu. Wenye duka wakijua hesabu hii wanauza zaidi bila kumdanganya mtu.

Mchana fanyeni jaribio la uotaji pamoja. Hesabu punje 100 kutoka kwenye pakiti, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kikunje kama mkeka, kiweke kwenye mfuko wa nailoni usiobana na ukiache mahali penye joto, karibu na jiko. Njombe kuna baridi, ukiacha chumbani punje zitachelewa na utadhani zimekufa. Baada ya siku saba fungua na uhesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya. Zikiwa 90 au zaidi, uza bila wasiwasi. Zikiwa pungufu, simamisha kundi lile na urudie jaribio kabla hujafanya chochote kingine. Kwa kuwa jibu halipatikani siku ile ile, andaa kitambaa kingine wiki moja kabla ili waone mwisho wake, na kila mmoja aondoke na kitambaa chake akafanye nyumbani na kukupigia matokeo. Simu hiyo ni mtihani wa mafunzo, na asiyeipiga umeshajua kitu kuhusu Jumatatu zake.

Mwisho wa siku, wasome lebo. Lebo ya TOSCI ina sehemu ya kukwangua yenye namba ambayo mteja anaihakiki kwa simu. Waonyeshe namna inavyofanyika na waambie wawasaidie wateja kufanya hivyo pale pale dukani, mbele ya watu. Mbegu feki nyingi ni mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi, na rangi kila mtu anaweza kuinunua. Waambie pia pakiti zikae wapi: juu ya ubao, si sakafuni, mbali na bati linalopata joto mchana, na mbali na mafuta ya taa. Duka la kijijini mara nyingi lina rafu moja tu iliyo salama, na mwenye duka lazima akubali kuitoa.

Masharti ya kubaki, na yanayoharibika

Masharti yakiwa mengi hayafuatwi hata moja. Mimi ninayasimamia manne: bei haipandishwi, pakiti haifunguliwi, mali kauli inalipwa Jumatatu, na mbegu za kampuni ninazowapelekea hazinunuliwi kwa mtu mwingine yeyote.

La bei linavunjwa kwenye wiki ya mvua. Duka la jirani limeishiwa, mkulima amesimama na fedha, na pakiti ya 15,000 inakuwa 18,000. Utajua kwa kuweka bango la bei upande wa nje wa duka lenye namba yako ya simu. Mkulima aliyetozwa zaidi atakupigia. La kufungua pakiti linaonekana kwa macho: ukikuta kopo la kupimia kwenye rafu ya mbegu, uliza. Mwenye duka atasema mteja hana fedha ya pakiti nzima, na atakuwa anasema kweli. Mpe pakiti za kilo moja kama kampuni inazo, lakini kufungua kunabaki marufuku, kwa sababu mbegu isiyo na lebo haina mwenyewe.

La malipo ya Jumatatu ndilo linalovunjika taratibu. Wiki ya kwanza analipa, ya pili anasema kesho, ya tatu simu haipatikani. Usisubiri ya tatu. Akikosa wiki moja, boksi linalofuata anapewa kwa fedha taslimu tu. Akikosa ya pili, unakwenda mwenyewe kuhesabu pakiti na unaondoka na zilizobaki, kwa heshima na bila kelele mbele ya wateja wake. Mara nyingi ukifika utakuta pakiti ziliuzwa zote kwa mkopo kwa wakulima watakaolipa wakivuna. Huyu si mwizi, ni mtu aliyeshindwa kumkatalia jirani. Mpangie kulipa kidogo kidogo, lakini asipate tena mali kauli msimu ule. Na kwenye mafunzo ya mwaka unaofuata lisemwe wazi kwamba mbegu ya mali kauli haikopeshwi.

Sharti la nne ndilo lenye hatari kubwa, na ulinzi wake ni daftari lako mwenyewe. Kila mzigo wa mbegu una namba ya kundi kwenye lebo. Andika namba hiyo, idadi, duka na tarehe kabla boksi halijatoka. Bakiza mjini pakiti moja ya kila kundi ikiwa imefungwa, hadi mwisho wa Februari. Sasa tuseme Desemba mkulima wa Mtwango anakuja na hasira, shamba limeota mistari michache, na mkononi ana pakiti tupu aliyonunua kwenye duka lenye bango lako. Usibishane. Soma namba ya kundi. Kama imo kwenye daftari na ilikwenda Mtwango, chukua pakiti uliyobakiza ya kundi hilo, fanya jaribio la kitambaa mbele yake, na uwataarifu kampuni na TOSCI. Punje zikiota vizuri, tatizo limetokea shambani au kwenye uhifadhi wa duka, na unakwenda kuangalia rafu. Zisipoota, kundi lote linasimamishwa kwenye maduka yote siku ile ile, na daftari linakuambia ni yapi. Lakini kama namba haimo kabisa, duka lilinunua kwa mchuuzi aliyepita na gari, na muuzaji huyo anatoka siku hiyo. Bango linang'olewa na halmashauri inaambiwa. Hili ndilo kosa pekee ambalo silipi onyo la kwanza, kwa sababu mkulima amepoteza mwaka mzima, wala si pakiti tano tu.

Januari

Tarehe 10 Januari ikifika, zunguka. Hesabu pakiti zilizobaki, kagua kama hazikufunguliwa na lebo hazikukwanguliwa, rudisha fedha za alizolipia, na andikishaneni. Pakiti moja ikiwa imeguswa na panya au imelowa ni yake, na lazima awe ameambiwa hivyo mapema. Kampuni nyingine hupokea mbegu zilizobaki na nyingine hazipokei, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kununua mzigo Septemba, maana ahadi uliyompa mama wa Ikuna inategemea jibu hilo. Zitakazobaki kwako zifanyie jaribio la uotaji tena. Zisiuzwe mwaka unaofuata kwa kuamini macho, wala kabla ya kuangalia tarehe iliyo kwenye lebo.

Kwenye daftari hilo hilo utaona ni duka gani lilizungusha boksi mara tatu au nne na ni lipi lilikaa na pakiti 15 hadi mwisho. Mwenye duka la kwanza mwongezee mali kauli, si faida kwa pakiti: kutoka pakiti 16 hadi 30, kwa kuwa amekuonyesha Jumatatu zake. Mwenye duka kama huyo, akishapata leseni ya TFRA na chumba cha pembeni chenye sakafu ya mbao, anaweza kuanza na mbolea ya mifuko midogo iliyofungwa kiwandani. Wa pili mrudishe kwenye mboga za vinyungu Juni, pakiti 30 kama mwanzo, na mwambie sababu waziwazi. Nafasi yake ya mahindi mpe mwenye duka wa kijiji kinachofuata, ambaye umeshaona daftari lake.